Watu Walisema: Kufupisha Manukuu bila Kumtwisha Msemaji Maneno

Jilore iko magharibi ya mji wa Malindi, kati ya msitu wa Arabuko-Sokoke na mto Sabaki. Wenyeji wengi ni Wagiriama, na mzee wa huko akikaribishwa mbele ya kamera, mara nyingi lugha itakayomtoka ni Kigiriama chenye Kiswahili kidogo kilichochanganywa humo. Video hiyo ikitakiwa itazamwe Nakuru, Tabora au Muscat, hapana budi maneno yake yapite chini ya picha kwa maandishi. YouTube ya Kiswahili huyaita maandishi hayo manukuu. Vijana wanaoyatengeneza husema sabtaito.

Tuseme mzee mmoja anahojiwa kuhusu jambo lililowahi kutokea mtaani: mtu wa makamo yake alishukiwa uchawi, akakimbia nyumbani. Mfano huu umetungwa kwa ajili ya sura hii, lakini kila anayefanya kazi ya filamu Kilifi ameshawahi kukaa mbele ya maneno yanayofanana nayo. Mfasiri anasikiliza, anaandika kila kitu bila kuacha neno, na tafsiri kamili inatoka hivi:

"Unajua, mimi sikuona kitu chochote kwa macho yangu, lakini watu walikuwa wakisema kwamba yule mzee ndiye aliyemroga mtoto wa ndugu yake, na ndiyo sababu vijana wakaanza kumtafuta usiku."

Mzee ameyasema hayo kwa sekunde 9. Kwenye karatasi ni sentensi ya kawaida kabisa. Kwenye kioo cha simu ni tatizo, kwa kuwa mtazamaji hana sekunde nyingine zaidi ya hizo 9, na ndani yake anatakiwa pia autazame uso wa mzee, mikono yake, na kuku anayepita nyuma yake.

Kazi ya kufupisha huanza kwa kuhesabu. Sentensi ile ina maneno 28. Shirika la BBC limezoea kuwaelekeza watengenezaji wa manukuu ya Kiingereza wabaki kati ya maneno 160 na 180 kwa dakika. Maneno 28 kwa sekunde 9 ni kama 187 kwa dakika, na mtu anayeazima kipimo hicho ataona amepita kidogo tu, punguza neno moja au mawili mambo yaishe. Lakini neno la Kiswahili hubeba mzigo mkubwa. Ndani ya "aliyemroga" kuna mtenda, wakati, kirejeshi na mtendwa, vyote vimebanana katika herufi 10. Kuhesabu maneno katika lugha ya namna hii ni kujidanganya. Ndiyo maana wengi wa wanaofanya kazi hii leo, kwa lugha zote, huhesabu herufi pamoja na nafasi na alama za uandishi, kisha hugawanya kwa sekunde.

Kwa hesabu hiyo sentensi ya mzee ina herufi 185. Ukigawa kwa 9 unapata 20.6 kwa sekunde. Sasa tofauti inaonekana. Netflix, kwa lugha nyingi, huweka kikomo cha herufi 17 kwa sekunde kwa vipindi vya watu wazima na 13 kwa vya watoto, mistari isiyozidi miwili, kila mstari herufi 42, na kipande kimoja cha maandishi kisikae kwenye kioo zaidi ya sekunde 7. Mihadhara ya TED, ambayo hufasiriwa na watu wa kujitolea duniani kote, huruhusu mpaka 21. Kabla ya hapo televisheni za Ulaya zilikuwa na kanuni yao ya zamani ya sekunde 6: mistari miwili iliyojaa ipewe sekunde 6, ambayo kwa mistari ya siku zile ilikuwa kama herufi 12 kwa sekunde.

Kikomo kipi kifuatwe? Mwaka 2018 Agnieszka Szarkowska na Olivia Gerber-Morón walichapisha utafiti uliofuatilia macho ya watazamaji Waingereza, Wapolandi na Wahispania, wakiwaonyesha manukuu ya herufi 12, 16 na 20 kwa sekunde. Wengi waliweza kuyafuata hata yale ya kasi. Matokeo hayo yamewapa nguvu wanaosema kwamba wafupishaji wamekuwa wakikata kupita kiasi. Lakini hao walikuwa watu waliozoea kusoma haraka katika lugha zao. Video ya Jilore itatazamwa na mwanafunzi wa Nairobi, na itatazamwa pia na mama wa Kakuyuni anayesoma Kiswahili polepole, kwenye simu yenye kioo kidogo, juani. Kwa hadhira hiyo mfasiri mwenye busara atalenga 13 na kukubali 17 pale anapobanwa. Kwa sekunde 9, 13 ni herufi 117. Zitoke herufi 68, zaidi ya thuluthi moja ya aliyosema mzee.

Hapo ndipo hatari inapoingia. Mtu akiambiwa aondoe thuluthi ya sentensi, macho yake huenda moja kwa moja kwenye yale yanayoonekana kuwa ya pembeni: "unajua", "mimi sikuona", "watu walikuwa wakisema kwamba". Akishayatoa, kilichobaki ni kizuri, kifupi, na kinasomeka upesi:

"Yule mzee alimroga mtoto wa nduguye, vijana wakaanza kumtafuta."

Herufi 63. Kasi ni 7 kwa sekunde. Programu itaonyesha kila kitu sawa. Na mzee wa watu amegeuzwa kutoka shahidi aliyesema hakuona kitu akawa mshitaki.

Pwani ya Kenya jambo hilo si la kuchezea. Wazee wa Kilifi, hasa wenye mvi na wenye ardhi, wamekuwa wakiuawa kwa tuhuma za uchawi kwa miaka mingi, na mara nyingi tuhuma hutoka ndani ya familia yenyewe. Filamu ya The Letter ya Maia Lekow na Christopher King, iliyooneshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 2019 na baadaye ikapelekwa na Kenya kwenye mashindano ya Oscar, inasimulia habari ya bibi wa pwani aliyetuhumiwa na watu wake mwenyewe, na mjukuu aliyetoka Mombasa kwenda kujua ukweli. Uzito wa habari kama hiyo unakaa kwenye nani alisema nini, na alikisikia wapi. Halafu kuna sheria. Sheria ya Uchawi ya Kenya, ya mwaka 1925, inamfanya mkosaji mtu yeyote anayemtuhumu mwenziwe kuwa ni mchawi, isipokuwa ameyapeleka maneno hayo kwa wenye mamlaka kama polisi au chifu. Mfupishaji aliyeondoa "watu walikuwa wakisema" amemwandikia mzee kosa la jinai kwa hati safi.

Kwa hiyo kabla ya kugusa herufi hata moja, mfasiri hujiuliza hoja ya msemaji ni ipi. Katika sentensi ile hoja ni tatu na zimefungamana: sikuona, watu ndio waliosema, na maneno hayo ndiyo yaliyowatoa vijana usiku. Uchawi wenyewe si hoja ya mzee. Ni maudhui ya uvumi anaousimulia. Hayo matatu yakishajulikana, yote mengine yanaweza kusogea.

Kitu cha kwanza cha kusogeza ni muda, kabla ya maneno. Mzee anavuta pumzi baada ya "ndugu yake", sekunde ya 6.4, na hapo ndipo pa kukata kipande cha kwanza. Cha pili kinabaki na sekunde 2.6. Lakini baada ya "usiku" mzee ananyamaza, anaangalia chini, na swali linalofuata halijaulizwa. Maandishi yanaruhusiwa kubaki nusu sekunde baada ya sauti kukoma bila mtazamaji kuona ajabu. Kwa kuanza cha pili mara tu cha kwanza kinapotoka, na kukiachia nusu sekunde hiyo ya ukimya, kipande cha pili kinapata sekunde 3 kamili. Hakuna neno lililotolewa, na tayari kuna nafasi ya herufi 5 zaidi. Wanaoanza kazi hii husahau hatua hii kwa sababu wanatazama maandishi peke yake, ilhali muda uko kwenye picha.

Kitu cha pili ni vile visaidizi vya kuzungumza ambavyo kweli havina kazi kwenye maandishi. "Unajua" ya mwanzo ni ya kumvuta msikilizaji. Uso wa mzee na sauti yake vinaifanya kazi hiyo. "Mimi" imo tayari ndani ya "si-" ya "sikuona". "Kitu chochote" inaongeza mkazo, na mkazo huo unabaki ukisema "sikuona mwenyewe". Hapa mfasiri amebadilisha "kwa macho yangu" pia, maana "mwenyewe" ina herufi 8 pale ambapo "kwa macho yangu" ina 15, na zote mbili zinasema jambo moja: mimi si shahidi wa macho.

Kitu cha tatu ni sarufi, na hapa Kiswahili kinamsaidia mfupishaji kuliko lugha nyingi. "Ndiye aliyemroga" inakuwa "alimroga". "Ndugu yake" inakuwa "nduguye". "Lakini" inakuwa "ila". "Kwamba" inaanguka yenyewe baada ya "walisema". "Na ndiyo sababu vijana wakaanza" inakuwa "ndipo vijana wakaanza", na ile "ndipo" imebeba mfuatano na sababu kwa pamoja. Mahali pengine mfasiri atageuza "watu ambao walikuja" kuwa "waliokuja", "ndani ya msitu" kuwa "msituni", "kwa sababu ya" kuwa "kwa", na ataacha jina la mtendwa pale kiambishi kinapomtaja: "tuliwaambia wale wazee" inatosha kuwa "tuliwaambia" kama wazee wametajwa kwenye kipande kilichotangulia.

Matokeo yake yanakaa hivi ndani ya faili:

```
12
00:12:04,000 --> 00:12:10,400
Sikuona mwenyewe, ila watu walisema
yule mzee alimroga mtoto wa nduguye.

13
00:12:10,500 --> 00:12:13,500
Ndipo vijana wakaanza kumtafuta usiku.
```

Kipande cha kwanza kina herufi 71 kwa sekunde 6.4, kama 11 kwa sekunde. Cha pili kina 38 kwa sekunde 3, chini kidogo ya 13. Hoja zote tatu zipo. Kati ya vipande kuna pengo la sehemu moja ya kumi ya sekunde, ambalo jicho halilioni kama pengo bali linalihisi kama dalili kwamba maandishi yamebadilika. Bila pengo hilo, mtazamaji aliyekodoa macho kwenye picha anaweza asitambue kwamba mistari iliyo chini si ile ya mwanzo.

Mambo mawili ndani ya kipande hicho yanastahili kuangaliwa kwa karibu.

La kwanza ni mahali mistari ilipokatwa. "Watu walisema" imemaliza mstari wa juu na tuhuma imeanza wa chini, lakini zote mbili ziko kwenye kipande kimoja, zinaonekana kwa pamoja, zinatoweka kwa pamoja. Mfasiri mwingine angeweza kukata vipande vitatu badala ya viwili, kila kimoja kikiwa na mstari mmoja mfupi. Kasi ingekuwa nzuri tu. Lakini kwa sekunde 3 hivi kioo kingekuwa na uso wa mzee na chini yake maneno "yule mzee alimroga mtoto wa nduguye", basi. Mtu akipiga picha ya kioo wakati huo na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, hakuna atakayeona kipande kilichotangulia. Ndiyo sababu wanaofanya kazi na habari za tuhuma hushika sharti moja: maneno ya kutaja chanzo na maneno ya tuhuma yasitenganishwe na mpaka wa kipande, hata ikibidi kasi ipande kidogo.

La pili ni "walisema". Mzee alisema "walikuwa wakisema", yaani uvumi uliozunguka, uliorudiwa. "Walisema" ni kama tukio la mara moja. Mfasiri wa pwani angependelea "ila watu wakisema", yenye herufi zilezile na inayolingana zaidi na maneno ya mzee, kwa kuwa Mswahili wa Malindi husikia humo jambo lililokuwa likiendelea. Lakini msomaji wa bara anaweza kuisoma kama sharti, "kama watu wakisema", na akasubiri mwisho wa sentensi ambao hauji. Kwa video ya Malindi, "wakisema" ni bora. Kwa video ya kwenda mbali, "walisema" ina hasara ndogo kuliko kigugumizi cha kusoma. Yupo pia atakayelipa bei ya herufi chache aandike "watu walikuwa wakisema": mstari wa juu unafika herufi 44 na kuvuka 42, kwa hiyo itabidi "watu" au "ila" ipunguzwe. Kila uamuzi una gharama yake, na mfasiri anayejua anachokipoteza ana afadhali.

Programu zinazotumika, kwa mfano Subtitle Edit ambayo haina malipo, huonyesha herufi kwa sekunde pembeni ya kila kipande na hubadilisha rangi kikomo kikivukwa. Rangi hiyo inasaidia, na pia inapotosha. Inasema kama maandishi yanawahi kusomeka. Haijui kama yanasema alichosema mtu. Kipande kile kibaya cha herufi 63 kingepita bila rangi yoyote. Dalili ya kosa la namna hiyo inatafutwa kwingine, na njia mbili zimethibitika kuwa rahisi.

Njia ya kwanza ni kumkalisha mtu ambaye hajui Kigiriama na hajaona tafsiri kamili, sauti izimwe, atazame mara moja tu bila kurudisha nyuma. Kisha aulizwe: mzee aliona nini? Nani alimtuhumu yule mwingine? Vijana walifanya nini, lini? Akijibu kwamba mzee "alisema yule bwana ni mchawi", kipande kinarudi mezani, hata kama kila neno lililobaki humo ni la kweli. Swali la "ulielewa?" halina faida hapa, kwa sababu mtu aliyepotoshwa huelewa vizuri kabisa kitu kisicho sahihi.

Njia ya pili ni kinyume chake. Mgiriama asikilize sauti bila kuona maandishi, aeleze kwa ufupi mzee amesema nini, na maelezo yake yalinganishwe na kilichoandikwa. Anachokitaja mwanzo ndicho kilichokuwa na uzito masikioni. Mara nyingi atataja kitu ambacho mfasiri alikiona ni pambo: marudio. Mzee wa Kigiriama akisimulia, "akenda, akenda, akenda" ni umbali na uchovu, si kusahau kuwa ameshasema. Marudio matatu hayawezi kuandikwa yote, lakini moja likibaki, "akenda, akenda", mtazamaji anapata safari iliyokusudiwa.

Kuna habari zinazofupishika kirahisi kuliko hii, na mfasiri hupaswa kuzitambua ili atunze nguvu zake. Tarehe ni mojawapo. Mzee wa Jilore akizungumzia mvua kubwa zilizofurisha mito ya Kenya, anaweza kutamka "mwaka wa elfu moja mia tisa sitini na moja". Hizo ni herufi 42, mstari mzima umejaa kwa tarehe peke yake. "Mwaka 1961" ni herufi 10. Hakuna ufupisho mwingine katika Kiswahili unaookoa nafasi kiasi hicho bila hasara yoyote, kwani tarakimu husomwa kwa kutupa jicho. Vivyo hivyo kwa ekari, bei na umri. Mahali pengine picha yenyewe inatosha: mzee akinyoosha mkono kwenye maji akisema "ziwa hili hapa unaloliona mbele yako ndilo Ziwa Jilore", mkono umeshasema nusu ya sentensi, na "Hili ndilo Ziwa Jilore" inamaliza.

Zipo zisizofupishika. Majina ya watu na ya koo hayana kifupi, na mzee akitaja babu zake wanne mfululizo kwa sekunde 3, hakuna atakayesoma. Ukanusho pia haukatwi: "si-", "ha-", "-ku-" ni herufi mbili tatu, na zikipotea maana inageuka kichwa chini. Sharti nalo ni hivyo hivyo. "Angekuwepo chifu, wasingemfuata" ni madai tofauti kabisa na "chifu hakuwepo, wakamfuata", ingawa mtu mwenye haraka ataona zinafanana. Na maneno ya kukadiria au kusita, "nadhani", "nasikia", "inasemekana", "sina hakika", yanaingia kundi hilihili. Kwenye mazungumzo ya kawaida ya sokoni mengi yao ni tabia ya ulimi na yanaweza kutoka. Kwenye ushuhuda ni sehemu ya ushuhuda.

Hali hubadilika tena msemaji akizungumza Kiswahili na manukuu yakawa ya Kiswahili, kwa ajili ya viziwi au kwa anayetazama simu yake kimya ndani ya matatu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Kenya ya mwaka 2003 iliwataka wenye televisheni waweke ama mkalimani wa lugha ya ishara ama manukuu kwenye taarifa za habari, vipindi vya elimu na matukio ya kitaifa, na kwa hivyo kazi hii ina wateja nyumbani. Hapa mtazamaji anayesikia atalinganisha sauti na maandishi, apende asipende. Géry d'Ydewalle wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, alionyesha kwa majaribio kwamba watu husoma manukuu yakiwepo hata kama wanaielewa lugha inayozungumzwa. Jicho huenda lenyewe. Akisikia "lakini" na kusoma "ila", anashituka kidogo. Akisikia "kwa macho yangu" na kusoma "mwenyewe", anashituka zaidi. Kwa manukuu ya lugha moja, basi, mfupishaji anakata bila kubadilisha: anaondoa maneno mazima na kuyaacha yaliyobaki katika mpangilio na umbo la msemaji. Sentensi ya mzee, kama angeisema kwa Kiswahili, ingekuwa "Sikuona kwa macho yangu, lakini watu walikuwa wakisema yule mzee ndiye aliyemroga mtoto wa ndugu yake". Ni herufi 101 kwa sekunde 6.4, kama 15.8 kwa sekunde. Imevuka 13, iko ndani ya 17, na haiingii kwenye mistari miwili ya herufi 42. Itabidi igawanywe, na kugawanya kutatenganisha chanzo na tuhuma.

Kwa tatizo hilo hakuna ufupisho unaosaidia, na mfasiri hurudi kwa mhariri wa filamu. Mhariri ana vitu ambavyo mfasiri hana. Anaweza kuirefusha picha ya mzee kabla ya kuhamia picha ya msitu, ili kipande kikae. Anaweza kulikata "unajua" la mwanzo kwenye sauti yenyewe. Anaweza kukubali mstari wa herufi 54 ikiwa herufi ni ndogo na kioo ni kipana, au kuandika chanzo upande wa juu wa kioo kwa muda wote wa simulizi: maneno ya uvumi uliosikika mtaani. Hayo yote yanawezekana kabla ya filamu kufungwa, na hayawezekani baada yake. Ndiyo maana timu zinazofanya kazi vizuri huleta tafsiri kamili kwenye chumba cha uhariri mapema, ikiwa na muda wa kila sentensi, badala ya kumpa mfasiri filamu iliyokamilika na siku mbili za kuweka maandishi.

Tafsiri ile kamili yenye maneno 28 haitupwi. Huhifadhiwa pamoja na picha ghafi, kila sentensi na saa yake, 00:12:04 hadi 00:12:13, ili siku ambayo jamaa wa yule aliyetuhumiwa watauliza mzee alisema nini hasa, wajibiwe kwa maneno yake yote.